Sehemu ya Kwanza Iko Wapi?

Kuna swali moja ambalo limekuwa kama salamu chini ya video fupi za Kiswahili siku hizi. Si "habari zenu", si "mungu akubariki". Ni "part one iko wapi?" Tafuta video yoyote ya simulizi iliyokatwa vipande, iwe ya TikTok au ya Insta, fungua komenti, utalikuta limeandikwa mara kumi, mara arobaini. Chini yake mwenye video kajibu "ipo kwenye profaili", jibu ambalo ni sawa na kumwambia mgeni aliyeuliza nyumba ya fulani kwamba ipo mjini.

Nasema wazi mapema: anayekata simulizi vipande sita na kuvirusha bila namba anamdharau mtazamaji. Na mara nyingine, kama nitakavyoonyesha kwa kisa cha Kigwa, anapotosha kitu alichokusudia kukieleza, ingawa kila neno alilosema ni la kweli.

Tuanze na mashine yenyewe, maana watu wengi hukosea hapo. Mtu akipandisha video sita kwa siku sita, kichwani mwake zimepangana kama kurasa za kitabu. Kwa mtazamaji hazipangani hivyo. Ukurasa wa TikTok au wa Instagram huweka kilichoingia mwisho juu, na kilichoingia kwanza kinasukumwa chini. Ukiutazama kwa macho ya mgeni, hadithi inaanzia mwisho. Na kama katikati ya sehemu ya pili na ya tatu mwenyewe alipandisha video ya harusi ya dada yake na nyingine ya mechi ya Simba na Yanga, basi hata huo mpangilio wa kinyume umevunjika.

Halafu mgeni mwenyewe hapiti mlangoni. Haji kwenye ukurasa kwanza. Video inamfuata alipo, na inayomfuata ni ile ambayo mtandao umeona watu wanaikalia. Inaweza kuwa ya tano. Mtandao haujui kwamba hiyo ni ya tano, na haujali. Kwake kila video ni kitu kizima kinachosimama peke yake. Kwa hiyo mwandaaji apange akijua kwamba watazamaji wake wengi wataingilia dirishani.

Ajabu ni kwamba WhatsApp hufanya kinyume. Ukiweka vipande sita kwenye status, mtu akifungua anaanza na cha zamani zaidi, anashuka kwa mpangilio uliouweka. Ndiyo maana wengi waliozoea kurusha simulizi kwenye status huhamia TikTok na mazoea yaleyale, bila namba, wakidhani mpangilio utajitunza wenyewe kama ulivyojitunza kule.

Sasa Kigwa. Kwa asiyepajua, ipo Uyui, mkoa wa Tabora, upande wa mashariki wa mji. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilifika Tura, ikaja Rubuga, ikaja Kigwa, ndipo ikaingia Tabora. Vituo hivyo vilikuwa na mpangilio ambao kila mpagazi aliujua. Mtu akikwambia yuko Rubuga, ulijua ameacha nini nyuma na kipi kimebaki mbele.

Kijana mmoja wa huko, ambaye simtaji jina kwa kuwa hakuomba umaarufu wa aina hii, alitengeneza simulizi ya njia hiyo kwa simu yake. Sehemu sita, kila moja kama dakika moja na nusu. Kazi nzuri, nasema bila kumpaka mafuta. Ya kwanza ilipita vituo vyote kutoka pwani. Ya pili ilihusu wapagazi wa Kinyamwezi, kwamba wengi wao walibeba mizigo kwa ujira na waliifanya kazi hiyo kwa fahari, jambo ambalo shuleni hupitiwa haraka sana. Ya tatu ilikuwa Rubuga ya mwaka 1857, mwaka ambao Burton na Speke walipita wakielekea Tabora na kuikuta imestawi. Ya nne ilieleza vita vya miaka ya 1860 kati ya Waarabu wa Tabora na mtemi Manwa Sera. Ya tano ilikuwa mwaka 1871, Stanley anapita njia ileile, akikuta Rubuga na Kigwa ni mahame. Ya sita ilimalizia na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na kuua kazi ya msafara.

Unaona ilivyojengwa. Ya tano haina maana bila ya tatu na ya nne. Mahame ni mahali palipohamwa; ili pahamwe, sharti pawe pamekaliwa. Uchungu wote wa sehemu ya tano unatokana na kuijua neema ya sehemu ya tatu.

Umeshajua ipi ilipaa. Ya tano, bila shaka. Ilikuwa na picha nzuri ya jioni, vichaka, sauti ya upepo, na kijana anasema kwa sauti ya chini kwamba mgeni aliyepita hapa mwaka 1871 hakukuta mtu. Haikuwa na namba juu ya picha wala kwenye maelezo. Kichwa kilikuwa "Kigwa ya zamani", na sehemu zote sita zilikuwa na kichwa hicho hicho.

Mjomba wangu anayeishi huko ndiye aliyenirushia, na ujumbe wa sauti juu yake. "Mjomba, hebu sikiliza huyu mtoto anavyosema. Eti hapa palikuwa pori tu, hapakuwa na watu! Sasa sisi tulitoka wapi?" Nilipomweleza kwamba kuna sehemu nyingine nne kabla ya hiyo, alinyamaza kidogo, akasema, "Zipo wapi? Mimi nimeletewa hii."

Yeye hakuwa peke yake. Kwenye komenti kulikuwa na watu wa mjini wakicheka kwamba kumbe Kigwa ilikuwa pori lisilo na mwenyewe, na watu wa kwao wakijibu kwa hasira. Mmoja akaandika kwamba kama hapakuwa na watu mwaka 1871, basi wote waliopo leo ni wahamiaji, hakuna wa kudai mashamba ya mababu. Acha hilo likae kichwani dakika moja. Sehemu inayoongelewa ina mashamba ya tumbaku na karanga, ina misitu ya mizinga, ina kesi za mipaka kama vijiji vyote. Na hapo mtu ameshapata "ushahidi wa kihistoria" wa sekunde tisini, kutoka kwa kijana aliyekusudia kusema kinyume kabisa.

Je, kijana alidanganya? Hapana. Mtandao ulidanganya? Wala. Kilichokosekana ni tarakimu mbili na mkwaju.

Ndiyo, mkwaju. Maana namba peke yake haitoshi. Ukiandika "5" juu ya picha, mtu anaweza kudhani ni kitu cha tano katika orodha ya vitu vitano vya kuvutia Tabora. Ukiandika "Sehemu ya 5" anajua kuna zilizotangulia, lakini hajui kama ni mfululizo wa sita au wa mia moja. Ukiandika "Sehemu ya 5/6", umemwambia mambo mawili kwa mara moja: umeingilia katikati, na safari nzima ni fupi, unaweza kurudi nyuma usife. Mtu mwenye bando la kuhesabu anahitaji sana hilo la pili. Kufungua video tatu zisizo zenyewe akitafuta ya kwanza ni hela yake, si ya mwandaaji. Na kama mwandaaji hajui zitafika ngapi, aandike namba bila jumla, kisha ya mwisho aiandike "mwisho". Asibuni jumla halafu akaipita. Nimeona "8/6" kwa macho yangu.

Namba iandikwe wapi? Hapa ndipo ubishi wangu na wenzangu huwa mkali, kwa sababu wengi huiweka kwenye maelezo, chini kabisa, baada ya alama za reli kumi na tano. Maelezo hukatwa. Mtu huona mstari wa kwanza au miwili, iliyobaki lazima abonyeze, na habonyezi. Namba iwe juu ya picha yenyewe, sekunde ya kwanza, na ikae angalau kwa sekunde tatu nne. Pia isiwekwe chini kushoto, maana kwenye ukurasa wa TikTok pale hukaa idadi ya waliotazama na itaifunika. Isiwekwe kulia, kuna vitufe vya moyo na komenti. Isiwekwe juu kabisa, kwa sababu Instagram huonyesha kava kwa umbo fupi kuliko video yenyewe, na kinachokatwa ni juu na chini. Kati, kidogo kuelekea juu, ndipo mahali salama kote.

Kava ni jambo lake peke yake. Ukipandisha video unaruhusiwa kuchagua picha itakayoonekana kwenye ukurasa. Watu huiachia simu ichague, na simu huchagua uso ukiwa umefumba macho nusu. Chagua ile sekunde yenye namba. Ukifanya hivyo kwa zote sita, mgeni anayefungua ukurasa anaona 6, 5, 4, na macho yenyewe yanamshusha hadi 1 bila kuuliza mtu.

Kisha kuna kupini. TikTok na Instagram zote huruhusu video tatu kubandikwa juu ya ukurasa. Wengi hubandika zilizopaa sana, yaani katika kisa chetu ile ya tano. Huko ni kuzidisha tatizo. Ya kubandika ni ya kwanza. Waliofika kwa sababu ya ile ya tano wameshaiona. Hawajaja kuitafuta tena, wamekuja kutafuta ilikotoka. TikTok ina pia `Playlist`, inayopanga mfululizo kwa mpangilio unaoutaka wewe, na kwa anayeipata ni dawa nzuri. Ila si kila akaunti hupewa, kwa hiyo usijenge nyumba juu yake.

Wapo wenye mbinu ya kupandisha kinyume, ya sita kwanza na ya kwanza mwisho, ili kwenye ukurasa zipangane vizuri. Inafanya kazi kama zote unapandisha siku moja, na kama hutapandisha kitu kingine katikati. Lakini wafuasi wako wa kweli, wale wanaokutazama kila siku, ndio watakaoletewa mwisho wa hadithi asubuhi. Unawaadhibu waaminifu ili kumpendeza mpita njia.

Sasa nije kwa hoja wanayonipiga nayo kila mara. Wanasema namba inaua video. Mtu akiona "Sehemu ya 5/6" anajua amechelewa, anateleza kwenda nyingine. Asipoiona, anakaa, anachanganyikiwa, anaandika "part one iko wapi", na ile komenti inaisukuma video mbele. Kuna waliokwenda mbali zaidi: wanaificha ya kwanza kwa makusudi, wanasema "foloo upate mwanzo".

Kwamba baadhi watateleza, nakubali. Sitajifanya hilo halipo. Lakini dawa yake ilishapatikana zamani, na waliokuwa wakiuza magazeti ya hadithi hapa nchini waliijua kabla ya simu kuwa na kamera. Kumbuka riwaya za mfululizo, zile za Shigongo na wenzake, zilivyofunguliwa kila toleo. Kwanza "Ilipoishia", mistari michache ya kilichopita. Kisha "Sasa endelea". Mwisho "Itaendelea". Mtu aliyenunua gazeti kwa mara ya kwanza katikati ya hadithi hakufukuzwa. Alivutwa kiti akakaa. Ile mistari ya "Ilipoishia" ilikuwa biashara, haikuwa adabu tu. Mhariri alijua kila wiki kuna msomaji anayeingilia katikati.

Kwa video ya sekunde tisini, "Ilipoishia" ni sentensi moja. Kijana wa Kigwa angefungua ya tano hivi: "Tumeona Rubuga ilivyostawi mwaka 1857, tukaona vita vya Manwa Sera, sasa ni 1871." Sekunde saba hivi. Hata asiyetafuta ya kwanza maishani mwake angejua kwamba lile pori alilonalo mbele ya macho lilikuwa makazi ya watu. Hakuna aliyeteleza kwa sababu ya sekunde saba zenye vita ndani yake.

Na kwa wale wanaoficha ya kwanza kwa makusudi, sina hoja ya kuwapa. Wanajua wanachofanya. Wanavuna komenti za watu waliopotea, kama mwenye duka anayeng'oa kibao cha njia ili watu wasimame kwake kuuliza. Nawaomba tu wasijiite wasimuliaji.

Niwe mwenye haki pia: si kila mfululizo unataka namba. Vichekesho ambavyo kila kipande kinajitegemea, wahusika walewale, mkasa mpya, haviihitaji, na kuviwekea namba ni kumtisha mtu bure. Kipimo ni kimoja. Mpe mtu asiyejua kitu ile ya tano peke yake, kisha muulize ameelewa nini. Akikueleza ulichokusudia, acha namba. Akikueleza kinyume, kama mjomba wangu, basi huna vichekesho, una hadithi.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wenzangu wa mjini hulisahau, kwa sababu wao huona video mtandaoni tu. Kigwa, kama maeneo mengi, video haikai mtandaoni. Inashushwa mara moja na mwenye bando, kisha inatembea: WhatsApp, memori kadi, kibanda cha kuchajia simu na kurushia nyimbo. Ikifika huko, kava imepotea, maelezo yamepotea, video iliyopiniwa haipo. Kinachobaki ni faili. Na jina la faili nalo halikai. Ukituma kama video ya kawaida kwa WhatsApp, simu inayopokea huipa jina jipya la tarehe na zamu ya kuingia:

```
VID-20240316-WA0007.mp4
VID-20240316-WA0008.mp4
```

Hiyo 0007 haina uhusiano wowote na sehemu ya saba. Ni zamu ya kufika tu. Mtu akizipokea kutoka kwa watu watatu tofauti, zinajipanga kwa bahati.

Hata zikibaki na majina yake, mashine nyingi hupanga kwa herufi, si kwa hesabu. Redio ya gari au ya kibandani ikipewa mfululizo wa vipande kumi, inaweza kuzicheza hivi:

```
kigwa1.mp4
kigwa10.mp4
kigwa2.mp4
```

Ya kumi kabla ya ya pili. Dawa ni sifuri mbele: `kigwa01.mp4`, `kigwa02.mp4`. Waandishi wa hadithi za Facebook na magrupu ya WhatsApp wamezoea kuandika "Sehemu ya 01", na wengine hudhani ni pambo. Ina kazi yake.

Lakini kinga pekee inayohimili safari yote hiyo, kutoka TikTok hadi memori kadi ya mtu asiyejua hata ilikotoka, ni namba iliyochomwa kwenye picha yenyewe wakati wa kuhariri, na namba iliyotamkwa kwa mdomo. Kuitamka kuna faida nyingine: wengi hapo kibandani wanasikiliza, hawatazami. "Hii ni sehemu ya tano kati ya sita" hakuna mtandao wa kuikata.

Kijana wa Kigwa hakuifuta ile ya tano. Nilipoongea naye alisema ameshaambiwa na watu watano waifute, na akakataa, kwa sababu imeshatembea. Kuifuta kungeondoa mahali pekee ambapo angeweza kuijibia. Alichofanya ni kuandika komenti yake mwenyewe na kuipini juu ya zote: "Hii ni sehemu ya 5/6. Kabla ya mahame palikuwa na watu, tazama ya 3 na ya 4." Kisha akazihariri zote sita upya, namba juu ya picha, "Ilipoishia" kwa mdomo, akapandisha ya kwanza na kuipini. Aliponitumia, nilizipeleka kwa mjomba moja moja, nikisubiri amalize moja ndipo nirushe inayofuata. Baada ya ya nne alinipigia simu kuuliza kama huyo Manwa Sera ana ndugu waliobaki.